Mashine ya kadi Dubai inaniuliza dirhamu au dola, nibonyeze ipi?

#1 Mama_Mashuka (mleta uzi)
Habari zenu wakuu. Wiki iliyopita nilikuwa Deira nafunga mzigo wa dukani. Kwenye duka moja la mashuka na mapazia nilipatana na muuzaji dirhamu 1,850, nikatoa kadi yangu ya akaunti ya dola, ya benki ya hapa Dar. Kijana akaichomeka, kioo kikaleta bei mbili, moja ya AED na nyingine ya USD. Sijamaliza kusoma, akasema dola ndiyo nzuri kwangu kwa kuwa kadi ni ya dola, akabonyeza mwenyewe. Risiti ikatoka hivi:

```
SALE       AED 1850.00
EXCH RATE  1 USD = 3.5300 AED
TOTAL      USD 524.08
```

Usiku hotelini ndipo nikakaa na kalkuleta. Miaka yote ninayokwenda kule, dola moja ni dirhamu 3.67, haisogei. Kwa hesabu hiyo nilitegemea kukatwa kama dola 504. Zimeenda 524. Dola ishirini ni faida yangu ya mashuka kadhaa! Zimekwenda wapi? Na safari ijayo mashine ikiniuliza nichague nini? Kariakoo kila ninayemuuliza ana jibu lake.

#2 Tandika_Mwisho
Pole mama. Hiyo ni kodi yao ya ongezeko la thamani, kule ni asilimia 5. Wewe ulipatana bei bila kodi, mashine ikaongeza. Hakuna wizi hapo.

#3 Kibao_Kata
Mimi kanuni yangu ni moja tu: kadi ya dola lipa dola, kadi ya shilingi lipa shilingi. Unaona kabisa kwenye kioo unachokatwa, hakuna mshangao wa baadaye. Ukichagua pesa ya wenyewe, benki yako itakukata inavyotaka na utajua baada ya siku tatu.

#4 Mhasibu_Mstaafu
Tandika, hapana. Ni kweli kodi yao ni asilimia 5, ilianza 2018, lakini imo ndani ya bei ya rejareja unayotajiwa. Katika hizo 1,850, kodi ni dirhamu 88 na senti kidogo. Pia ingekuwa kodi imeongezwa juu, ungeona AED ikipanda hadi 1,942.50. Tazama risiti ya mama: AED imebaki 1,850 kamili. Kilichobadilika ni mstari wa pili, ule wa kiwango.

Dirhamu imefungwa kwa dola tangu 1997, dola moja kwa 3.6725. Kwa hiyo mama ana bahati ambayo mtu aliyenunua Istanbul au Johannesburg hana. Kule kiwango kinapanda na kushuka, huwezi kujua kwa jicho kama umepunjwa. Hapa unagawanya 1,850 kwa 3.6725, unapata dola 503.74. Toa hiyo kwenye 524.08, zinabaki 20.34. Hiyo ni kama asilimia 4 ya bei halali. Hakuna soko lililosogea, hakuna uhaba, hakuna kitu. Ni nyongeza ya mtu.

#5 Mama_Mashuka
Mtu gani sasa? Mwenye duka?

#6 kitengo_cha_kadi
Nimefanya kazi benki miaka sita, upande wa kadi, kwa hiyo nitaeleza ninavyoufahamu mnyororo wenyewe.

Tarakimu za mwanzo za kadi yako zinaiambia mashine kadi imetolewa na benki gani, nchi gani, na mara nyingi sarafu gani. Mashine ikiona ni ya dola na duka linauza kwa dirhamu, ile kampuni iliyo nyuma ya mashine inakuja na ombi lake: "tukubadilishie sisi hapa hapa?" Ndiyo ile bei ya pili kwenye kioo. Ukikubali, anayebadilisha pesa ni huyo wa upande wa duka, kwa kiwango chake, akiwa ameshaweka asilimia zake ndani. Sehemu ya asilimia hizo mara nyingi humrudia mwenye duka. Kwa hiyo ukiona kijana wa kaunta anakuhimiza dola, ujue huenda bosi wake ana mgao pale.

Ukikataa, dirhamu 1,850 zinasafiri kama dirhamu hadi Visa au Mastercard. Wao ndio wanaozigeuza kuwa dola kwa kiwango chao cha jumla, ambacho kwa dirhamu hakiachani na 3.67. Halafu benki yako hapa Dar inaongeza ada yake ya matumizi ya nje kama inayo. Yaani kwa vyovyote kuna mtu anageuza pesa. Swali lako ni nani unayetaka ageuze.

Na kule kuchaguliwa na muuzaji si halali. Taratibu za Visa na Mastercard zinataka mwenye kadi achague mwenyewe, na aonyeshwe kiasi kwa sarafu zote mbili pamoja na kiwango. Angalia chini ya risiti yako kwenye maandishi madogo, kwa kawaida kuna sentensi kwamba mteja amepewa uchaguzi.

#7 Mama_Mashuka
Nimeitafuta risiti, ipo kweli! Imeandikwa kwamba nimepewa nafasi ya kuchagua na nimekubali. Na juu yake kuna neno sikuliona mwanzo: MARKUP 4%. Nimeumia zaidi sasa, maana ilikuwa imeandikwa.

#8 Kibao_Kata
Sawa, nimekubali kuhusu hiyo 4%. Lakini kitengo_cha_kadi hajamalizia hoja yangu. Ada ya benki ni ngapi? Kama benki inakata 5% kwa matumizi ya nje, basi mama angelipa kwa dirhamu angekatwa 503.74 pamoja na dola 25. Inakuwa 528.93. Hapo dola za mashine zingekuwa nafuu kwake!

#9 Mhasibu_Mstaafu
Hesabu yako ni sahihi, Kibao, na ndiyo maana mimi sisemi "siku zote lipa kwa pesa ya wenyewe" kama wanavyokariri watu. Inategemea ada ya benki. Ikiwa 2.5%, dirhamu zinamgharimu 516.33, anaokoa kama dola nane. Ikiwa 4% anafika 523.89, karibu sawa na mashine. Ikizidi hapo, mashine inashinda. Mama, nenda kwenye orodha ya ada za benki yako utafute matumizi ya kadi nje ya nchi. Mara nyingi iko ukurasa wa mwisho.

#10 Forodhani_Usiku
Samahani kwa kuchelewa uzi. Mimi niko Unguja, wageni wangu kutoka bara wamekwenda hoteli moja Nungwi wakatajiwa bei kwa dola, wakalipa kwa kadi ya shilingi. Nao walipaswa kukataa dola?

#11 Tandika_Mwisho
Hiyo si mada ndugu yangu. Hapa ni mtu akiwa ugenini. Ndani ya Tanzania kuna kanuni za 2025 zinazozuia kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni. Wageni wako walikuwa na haki ya kutajiwa shilingi tangu mwanzo.

#12 Forodhani_Usiku
Shukrani. Basi nitafungua uzi wangu.

#13 Nyali_Bahari
Kutoka Mombasa hapa. Nawaletea yangu kwa sababu hakuna aliyegusa kurudisha bidhaa.

Nilikuwa London kwa harusi ya binamu, nikanunua sanduku la safari la pauni 120 na kadi yangu ya shilingi za Kenya. Mashine ikaniuliza, nikachagua KES kwa sababu ile ile ya Kibao, nijue nalipa ngapi. Ikakata 21,420, yaani pauni kwa 178.50. Siku tisa baadaye zipu ikaharibika, nikarudisha, duka likanirudishia pauni 120 zote bila ubishi. Kwa akaunti zikaingia 20,520. Shilingi 900 zimepotea na sanduku sina!

Benki ikaniambia duka limerudisha pesa yote. Duka nalo likasema limerudisha pauni 120, na ni kweli. Sasa ni nani aliyebaki na 900 zangu?

#14 kitengo_cha_kadi
Pole dada. Ulinunua pauni zao kwa 178.50, siku ya kurudisha wakazinunua kwako kwa 171. Ndivyo duka la kubadilisha fedha linavyofanya, kuna bei ya kuuza na ya kununua. Ukiruhusu mashine igeuze wakati wa kulipa, wakati wa kurudisha nayo inageuza tena.

#15 Mhasibu_Mstaafu
Inawezekana, lakini siku tisa ni nyingi. Huenda pauni yenyewe ilishuka dhidi ya shilingi. Mtu aliyelipa kwa pauni naye angerudishiwa kwa kiwango cha siku ya kurudisha, angeweza kupoteza au hata kupata. Bila kujua pauni ilikuwa ngapi siku zote mbili, hatuwezi kugawa hizo 900 kati ya soko na mashine.

#16 Nyali_Bahari
Sikuandika viwango vya siku hizo. Nilichonacho ni risiti mbili tu. Lakini shilingi yetu wakati huo ilikuwa imetulia kabisa, ndiyo maana naegemea kwa kitengo_cha_kadi.

#17 Mhasibu_Mstaafu
Shilingi ilitulia kwa dola. Kwa pauni ni hadithi nyingine, maana pauni nayo hupanda na kushuka kwa dola.

#18 Muscat_Kazini
Mimi nafanya kazi Muscat, ongezeni la mashine ya kutolea pesa maana huko ndiko watu wetu wanaumia zaidi.

Nilikwenda Dubai wikiendi, nikatoa dirhamu 1,000 kwa kadi ya dola. Mashine kwanza ikasema kuna ada yake ya kutoa pesa, nikakubali. Kisha ikaja skrini ya pili yenye dola kubwa katikati na vitufe viwili, kimoja kinasema Accept conversion, kingine Decline conversion. Nikaogopa kwamba nikibonyeza Decline itanirudishia kadi bila pesa, na nilikuwa na teksi inasubiri nje. Nikakubali. Baadaye mwenzangu Mmombasa tunayefanya naye kazi akanionyesha kwamba ukikataa pale pesa inatoka vile vile, dirhamu zako 1,000 zile zile. Unakataa kugeuziwa tu, hukatai kutoa pesa. Nimejaribu tangu hapo mara tatu, na zote zimetoka.

Mashine nyingine huandika Continue without conversion, hiyo inaeleweka zaidi. Ile ada ya kwanza haikwepeki kwa kitufe chochote, watu wasizichanganye.

#19 Tandika_Mwisho
Hii ya Muscat imenisaidia kuliko uzi wote. Mke wangu anakwenda mwezi ujao na angekubali kila skrini.

#20 Kibao_Kata
Kama wewe na kodi zako, Tandika 😄

#21 Tandika_Mwisho
Nimesahihishwa na nimekubali. Wewe bado unabishana na asilimia 4.

#22 Mama_Mashuka
Wakuu nimerudi na mambo mawili. La kwanza, nimepata orodha ya ada: benki yangu inatoza 2.5% kwa manunuzi ya sarafu ya kigeni. Kwa hesabu ya Mhasibu ningelipa 516.33.

La pili ndilo limenikosesha raha. Nimechukua taarifa ya akaunti. Chini ya 524.08 kuna mstari mwingine wa siku hiyo hiyo, USD 5.24, "ada ya muamala wa nje". Sasa hiyo ni nini tena? Nilishalipa kwa dola, na kadi ni ya dola. Jumla nimetoka na 529.32.

#23 Mhasibu_Mstaafu
5.24 ni asilimia 1 kamili ya 524.08. Kibao, umeona? Hapa hoja yako ya #8 inayumba. Ulidhani ukichagua sarafu ya kadi unakwepa benki. Hapa mama amelipa mashine na benki pia.

#24 kitengo_cha_kadi
Nilitaka kulisema hili nikaogopa kurefusha. Benki nyingi zina ada mbili tofauti kichwani mwao hata kama mteja anaona moja. Kuna ada ya kugeuza sarafu, na kuna ada ya muamala kufanyika nje ya nchi, hata ukifanyika kwa sarafu ya kadi yako. Visa na Mastercard wenyewe huitoza benki kwa miamala inayovuka mpaka, na baadhi ya benki humshushia mteja. Duka liko Dubai, benki iko Dar, kwa hiyo mpaka umevukwa hata kama kila kitu ni dola.

Benki niliyokuwa mimi haikuitoza kwa mteja. Ya mama inatoza. Kwa hiyo hapa sina kanuni ya kuwapa, kila mtu asome ya kwake.

#25 Kibao_Kata
Je, kama angelipa dirhamu, hiyo 1% isingekuwepo? Isije ikawa 2.5% na 1% zote.

#26 Mama_Mashuka
Orodha haisemi. Nitawapigia.

#27 Lori_la_Tunduma
Mnaongea kadi za dola tu. Wengi wetu tuna kadi ya shilingi, na huko picha ni tofauti. Nawapa yangu ya Sharjah, nilinunua vipuri vya dirhamu 400.

Mashine ilinipa TZS 277,520. Nikakumbuka mafundisho kama haya, nikakataa, nikachagua AED, nikaondoka najisikia mjanja. Baada ya siku mbili benki imekata 283,186. Nimelipa zaidi kwa shilingi 5,600 na ushee kwa kufuata ushauri.

#28 Mhasibu_Mstaafu
Asante sana kwa tarakimu, tuzifungue. Dirhamu 400 kwa 3.6725 ni dola 108.92. Benki yako wakati huo ilikuwa inauza dola kwa ngapi?

#29 Lori_la_Tunduma
Ubao wa tawi ulisema kuuza 2,500. Soko lilikuwa kama 2,450. Ada yao ya matumizi ya nje ni 4%.

#30 Mhasibu_Mstaafu
Basi imekaa. 108.92 mara 2,500 ni kama 272,300, ongeza 4% ya ada unafika 283,186. Dirhamu zilikwenda kwenye dola kwa bei nzuri, kisha dola zikaja kwenye shilingi kwa bei ya kuuza ya benki, ambayo tayari ina faida ndani, halafu ada ikapandishwa juu ya hapo. Yule wa Sharjah alichukua 4% juu ya bei ya soko la 2,450 na kuishia hapo. Benki yako imekula mara mbili.

#31 kitengo_cha_kadi
Sikubaliani na njia uliyoifuata. Tarakimu zinafanana, nakiri. Lakini kwa kadi ya shilingi, mara nyingi Visa au Mastercard ndiye anayegeuza moja kwa moja hadi shilingi na kiwango chake hakitoki kwenye ubao wa tawi. Unaweza kufungua kikokotoo cha Visa au cha Mastercard mtandaoni, ukaweka tarehe, AED kwenda TZS, na asilimia ya benki yako, ukaona wangekata ngapi. Lori afanye hivyo kwa siku ile. Ikitoka 283,000 na kitu, ubao hauhusiki, ni kiwango cha mtandao siku hiyo.

#32 Mhasibu_Mstaafu
Kuna benki zinazolipana na mtandao kwa dola na kugeuza zenyewe. Bei ya ubao na ada ya 4% zimelingana na makato hadi shilingi ya mwisho, sioni kama ni bahati.

#33 Lori_la_Tunduma
Nimejaribu kikokotoo cha Mastercard, tarehe yangu imepita mno, hakinipi. Mimi ninachojua nimetoka na 283,186.

#34 Kibao_Kata
Kwa hiyo nilikuwa sahihi kwa Lori na nimekosea kwa mama.

#35 Bukavu_Mashariki
Huku kwetu Kongo kadi nyingi ni za dola, na tunakwenda sana Dubai. Ninachofanya ni kidogo tu. Kabla muuzaji hajashika mashine namwambia "AED", na ninashika mashine kwa mkono wangu. Mara moja kijana alibonyeza dola, nikamwambia afute na arudie kabla sijatoka. Alifuta, risiti ya kufuta akanipa, akaanza upya kwa dirhamu. Ukishatoka dukani ni kazi ngumu.

#36 kitengo_cha_kadi
Ni kweli kabisa. Ukiwa bado kaunta kufuta ni dakika mbili. Mama, kwa ile ya mwanzo unaweza kuandika malalamiko benki kwamba hukuchagua, lakini risiti yako ina maneno kwamba ulichagua. Utahitaji kueleza nani alibonyeza. Jaribu, nimeona zikikubaliwa na nimeona zikikataliwa.

#37 Mama_Mashuka
Nimeshaandika, nasubiri. Na ndugu yangu aliyebaki Deira nimemwachia kadi ya nyongeza ya akaunti ile ile, jana amelipa mapazia ya dirhamu 640. Nilimwambia afanye kama Bukavu, ashike mashine mwenyewe, na achague AED. Leo asubuhi imekatwa 178.62. Nimegawanya: 640 kwa 3.6725 ni 174.27, na 2.5% juu yake ni 4.36, tofauti ni senti moja tu. Imetimia. Hakuna mstari wa asilimia 1 mpaka sasa. Kwa kile kiwango cha 3.53 pamoja na ile 1% ingekuwa 183.11.

#38 Kibao_Kata
Subiri siku mbili tatu kwanza mama. Ile 5.24 ilikuja siku hiyo hiyo au ilichelewa?

#39 Mama_Mashuka
Imeandikwa tarehe ile ile, ila sijui iliingia lini. Nitatazama tena Ijumaa niwaambie.